Usiniuzie Kasi, Nionyeshe Foleni

Nina ugomvi na namba moja. Iko kwenye kila tangazo la intaneti ya nyumbani, mara nyingi imeandikwa kubwa kuliko bei yenyewe: 50, 100, 500, 1000. Ni megabiti kwa sekunde, na sote tumekubali kuiita kasi. Mimi nasema si kasi. Namba hiyo inaeleza ni mzigo mkubwa kiasi gani unaoweza kupita kwenye njia yako ndani ya sekunde moja. Haielezi mzigo huo unachukua muda gani kufika. Lori la tani thelathini linalotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Morogoro hubeba mali kuliko bodaboda mia, lakini mtu anayetaka kumpelekea mkewe funguo ya nyumba pale Kimara haiti lori.

Kwa shughuli nyingi za mtandaoni, kuchanganya mambo haya mawili hakumuumizi mtu. Ukitazama filamu, ukipakua kitabu, ukisoma habari, wingi wa data ndio unaohesabika. Ndiyo maana uongo huu umeishi miaka mingi bila kuulizwa. Lakini kuna burudani moja inayouumbua kila jioni, nayo ni gemu ya wingu.

Nieleze kwa ufupi gemu ya wingu ni nini. Badala ya kununua kompyuta ghali au mashine ya kuchezea, unakodi kompyuta iliyo mbali, kwenye jengo la seva. Gemu inaendeshwa kule. Kifaa chako cha nyumbani, hata laptopu ya zamani, kinafanya kazi mbili tu: kupeleka taarifa kwamba umebonyeza kitufe, na kuonyesha picha zinazorudi. Google walijaribu biashara hii kwa Stadia, wakaifungua Novemba 2019 na kuifunga Januari 2023. Nvidia wanaiendesha hadi leo kwa jina la GeForce NOW. Stadia walikuwa wakiwaambia wateja kwamba megabiti 10 zinatosha kuanza, na 35 kwa picha bora kabisa. GeForce NOW wanataja megabiti 25 kwa picha ya kawaida ya leo inayobadilika mara 60 kwa sekunde. Lakini chini ya namba hiyo wameandika sharti lingine ambalo wengi hawalisomi: safari ya kwenda kwenye seva na kurudi isizidi milisekunde 80, na ikiwezekana iwe chini ya 40. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sharti hilo ndilo lenye mambo.

Tuanze na swali ambalo kila mtu huniuliza: mbona YouTube inacheza vizuri kabisa kwenye intaneti hii hii, halafu gemu inakwama? Jibu ni kwamba filamu ilishatengenezwa. Sekunde ya tano, ya kumi na ya thelathini zote zipo tayari, kwa hiyo programu inachota mapema na kuweka akiba. Njia ikikwama kwa sekunde mbili, wewe unaendelea kutazama akiba yako wala hujui kilichotokea. Gemu haina akiba ya namna hiyo. Picha ya sekunde ijayo haijakuwepo duniani, kwa sababu inategemea kidole chako kitabonyeza nini sasa hivi. Huwezi kuweka akiba ya kitu ambacho hakijatokea. Kila picha lazima itengenezwe, isafirishwe na ionyeshwe papo kwa papo.

Na picha zenyewe ni 60 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 17 hivi. Kwa megabiti 25, kila picha ina ukubwa wa kilobaiti 52, nayo hukatwa vipande kama 40 vinavyoitwa pakiti ili isafiri. Taarifa ya kitufe inayokwenda upande mwingine ni ndogo mno, baiti chache tu. Kwa hiyo mchezaji wa wingu haombi njia pana sana. Anaomba kwamba pakiti zake chache zipite bila kusubirishwa, kila mara, saa zote. Ombi hilo tangazo halilijibu.

Ninaishi Mainz, Ujerumani, mwendo wa nusu saa hivi kutoka Frankfurt, na kazi yangu ni mitandao ya kompyuta. GeForce NOW wana seva Frankfurt. Kwa kijiografia sisi wa Mainz ni kama watu wanaokaa nyuma ya duka. Hakuna anayepaswa kulalamika. Hata hivyo, kati ya nyumba mbili za watu wangu hapa mjini, moja gemu inateleza kama mafuta, na nyingine ilikuwa balaa. Iliyokuwa balaa ni ile yenye kifurushi kikubwa.

Nyumba ya kwanza anakaa mdogo wangu na wanafunzi wenzake watatu. Wana megabiti 500 za kupakua na 25 za kupakia, kupitia waya wa televisheni. Nyumba ya pili ni ya dada mmoja wa Mombasa, muuguzi, mwenye watoto wawili. Yeye ana megabiti 50 za kupakua na 10 za kupakia, kupitia waya wa simu. Ukisoma matangazo, mdogo wangu ana mara kumi ya alichonacho dada huyo. Ukikaa ucheze mpira, kwa dada unapiga pasi na pasi inakwenda. Kwa mdogo wangu ulikuwa unabonyeza, unasubiri, na beki ameshauchukua.

"Kaka, hawa jamaa wanatuibia," aliniambia. "Niliwapigia simu wakasema ninunue ya elfu moja."

Nataka msomaji asimame kwenye ushauri huo, kwa sababu ndio niliokuja kuupinga. Mteja analalamika kwamba vitu vyake vinachelewa, anaambiwa anunue njia pana zaidi. Hakuna aliyemuuliza vinachelewa wapi. Na kupima wapi si kazi ngumu. Ni vipimo vitatu, kwa amri moja iliyomo kwenye kila kompyuta.

Kipimo cha kwanza ni kutoka kompyuta hadi ruta, humo humo ndani ya nyumba. Unafungua dirisha la amri na kuandika `ping` ikifuatiwa na anwani ya ruta, mara nyingi hivi:

```
ping 192.168.1.1
```

Kompyuta inatuma pakiti ndogo kila sekunde na kukuandikia ilichukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Kwenye Windows utaongeza `-t` ili isisimame. Umbali ni mita chache, kwa hiyo unategemea milisekunde moja hadi tatu, mstari baada ya mstari. Kwa mdogo wangu tulipata 2, 2, 3, 2, halafu 84, halafu 3, halafu 41, halafu mstari mmoja haukurudi kabisa. Hatujatoka hata mlangoni na tayari njia inayumba. Mwenye kifurushi hana hatia hapo. Mwenye hatia ni waifai.

Waifai ni hewa, na hewa ni ya wote. Kwenye chaneli moja ni kifaa kimoja tu kinachoweza kuzungumza kwa wakati mmoja, vingine vinasubiri kinyamaze. Mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo laptopu ile ilikuwa imeyashika, yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa lenye ruta ishirini, tatu hizo zinagombaniwa na majirani wote. Pakiti mbili zikigongana, zinarudiwa. Kurudiwa kunachukua muda, na muda huo haufanani kutoka pakiti hadi pakiti. Filamu haijali, ina akiba. Gemu inajali sana. Na pakiti zikipotea moja kwa moja, hesabu ni ya kutisha: kama pakiti moja tu katika kila mia inapotea, na kila picha ina pakiti 40, basi picha kama theluthi moja zitafika na pengo. Huduma za wingu hutuma ziada kidogo ya kuziba mapengo, lakini kila dawa ina kikomo. Kuomba pakiti itumwe upya hakusaidii sana, maana itakapofika, picha yake imeshapitwa.

Tulinunua waya wa mita kumi, tukaupitisha pembeni mwa ukuta kutoka ruta hadi laptopu. Kipimo cha kwanza kikawa 1, 1, 1, 1. Asiyeweza kupitisha waya ahamie angalau gigahezi 5, akae chumba kimoja na ruta. Hiyo ni nusu ya ugonjwa, na tiba yake ilikuwa bei ya chakula cha mchana.

Hapa nieleze dalili, kwa sababu magonjwa haya mawili watu huyachanganya. Picha ikivunjika vipande vya mraba, ikaganda, kisha ikaruka mbele, pakiti zinapotea au zinafika kwa kuyumba. Anza kuishuku waifai. Picha ikiwa safi, inateleza, lakini kila unachobonyeza kinatokea baadaye kidogo, kama mtu anayekujibu simu ya masafa marefu, basi hakuna kinachopotea. Kuna kitu kinasubiri mahali. Baada ya kuweka waya, mdogo wangu aliacha kuona vipande vya mraba. Lakini usiku, kila mtu alipokuwa amerudi nyumbani, mkono wake bado ulikuwa unachelewa.

Kipimo cha pili ni kutoka nyumbani hadi nje, nyumba ikiwa imetulia. Tuliandika `ping 1.1.1.1`, anwani ya umma inayojibu karibu kila mahali. Milisekunde 14. Hilo ni jibu zuri sana. Lingekuwa ndilo jibu la saa zote, mdogo wangu asingekuwa na neno.

Kipimo cha tatu ndicho ambacho hakuna anayekifanya. Ni kile kile cha pili, lakini nyumba ikiwa kazini. Nikamwambia mmoja wa wale wanafunzi apakie video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, huku `ping` ikiendelea. Mistari ikapanda: 14, 15, 60, 130, 190, 214, 221. Ikabaki pale pale juu hadi video zilipoisha, kisha ikashuka ghafla hadi 14. Hakuna pakiti hata moja iliyopotea. Ukipima kasi kwa tovuti za kupima kasi, zitakuambia kila kitu kiko sawa, kwa sababu megabiti 25 za kupakia zote zilikuwa zinapita. Na huo ndio ugonjwa wenyewe: zote zilikuwa zinapita, na kitufe cha mdogo wangu kilikuwa nyuma yao kwenye foleni.

Tufanye hesabu ya foleni hiyo, maana ni rahisi. Kuchelewa kulikoongezeka ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Njia inapitisha megabiti 25 kwa sekunde. Kwa hiyo mbele ya kila pakiti mpya kulikuwa na megabiti 5 zinazosubiri kutoka, yaani kilobaiti 625. Hiyo ni ndogo kuliko picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo. Haihitajiki dhoruba ya data kuharibu gemu. Inahitajika simu moja, mfukoni mwa mtu anayekoroga chai jikoni, iliyoamua kwamba sasa ni saa ya kuhifadhi picha.

Foleni hiyo iko wapi? Iko kwenye modemu, pale njia pana ya ndani inapokutana na njia nyembamba ya nje. Modemu ina ghala dogo la kumbukumbu, bafa, ambapo pakiti husubiri zamu. Bafa ni kitu kizuri ikiwa fupi. Ikiwa ndefu inageuka mtego, na sababu yake ni namna intaneti ilivyojengwa. Programu inayopakia faili haijui njia ni pana kiasi gani. Inaongeza mwendo hatua kwa hatua mpaka pakiti fulani itupwe. Kutupwa huko ndiko kunakoiambia ipunguze. Sasa watengenezaji waliona kumbukumbu ni rahisi, wakaweka bafa kubwa ili pakiti zisitupwe. Programu ikiona hakuna kinachotupwa, inaendelea kusukuma, bafa inajaa, na inabaki imejaa. Ni sawa na duka lenye muuzaji mmoja ambalo, badala ya kuwaambia watu warudi baadaye, limejenga ukumbi wa watu elfu moja wa kusubiria.

Haya si mageni. Jim Gettys, mhandisi aliyefanya kazi nyingi kwenye misingi ya mtandao na kompyuta, aliyakuta nyumbani kwake mwaka 2010 alipokuwa akihamisha mafaili, akayapima, akayapa jina la uvimbe wa bafa na kuanza kuyapigia kelele. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha dawa iitwayo CoDel. Wazo lake ni la kiakili sana: usipime foleni ina pakiti ngapi, pima pakiti imesubiri muda gani. Ikisubiri zaidi ya milisekunde chache kwa muda unaoendelea, tupa moja, ili msukumaji apate ujumbe apunguze mwendo. Baadaye ikaongezwa akili nyingine, ya kutenganisha foleni: kila mazungumzo yanapewa mstari wake, na mwenye pakiti moja ndogo hasimami nyuma ya mwenye faili kubwa. Toleo linaloitwa CAKE liliingia ndani ya Linux mwaka 2018. Ni bure. Msimbo uko wazi.

Ndiyo siri ya nyumba ya dada wa Mombasa. Ruta yake ni ya mtumba, iliachwa na mpangaji aliyetangulia, nayo inaendeshwa na programu huria ya OpenWrt ambayo mpangaji huyo aliiwasha CAKE. Dada hajui lolote kuhusu foleni. Anajua tu kwamba watoto wanatazama katuni, simu zinahifadhi picha, na yeye anacheza mpira akitoka zamu. Nilipima kwake: milisekunde 19 nyumba ikitulia, 27 nyumba ikiwa kazini. Linganisha na 14 na 221. Mwenye kifurushi kidogo alianza nyuma kwa milisekunde 5, akamaliza mbele kwa karibu 200.

Kwa mdogo wangu tuliweka ruta ndogo inayokubali OpenWrt kati ya modemu na nyumba. Mstari uliofanya kazi upande wa kupakia ni huu, `eth1` ikiwa tundu linaloelekea kwenye modemu:

```
tc qdisc replace dev eth1 root cake bandwidth 22mbit
```

Kwa nini 22 wakati analipia 25? Kwa makusudi. Foleni hutokea pale penye njia nyembamba kuliko zote. Ukiiacha ruta isukume megabiti 25 kamili, pembamba patabaki kwenye modemu isiyo na akili. Ukiishusha hadi 22, ruta yenyewe inakuwa ndiyo pembamba, foleni inahamia kwenye ruta, na ruta ina CAKE. Unapoteza megabiti 3, unapata utawala wa foleni. Upande wa kupakua hufanywa vivyo hivyo kupitia menyu ya SQM, kwa kuweka namba iliyo chini ya uliyolipia kwa asilimia kumi hivi. Kuna kikomo hapa pia: ruta ndogo yenye prosesa dhaifu haiwezi kupanga foleni ya megabiti 500, itazidiwa. Tulikubali 300. Hakuna aliyegundua upungufu. Kipimo cha tatu, video zikiwa zinapakiwa, kilisoma 23.

Sasa rudi kwenye ushauri wa simu: nunua ya elfu moja. Kifurushi hicho hapa kwetu kilikuwa na megabiti 50 za kupakia. Foleni ile ile ya kilobaiti 625, kwenye njia yenye upana mara mbili, inaisha kwa nusu ya muda: milisekunde 100. Kwa hiyo angelipa zaidi kila mwezi, kwa mkataba wa miaka miwili, ili ugonjwa upungue nusu. Hilo likiwa bafa halijakua. Modemu mpya ikija na ghala kubwa zaidi, hata hiyo nusu haipo.

Najua nitajibiwa kwamba upana nao una maana. Una maana, mpaka mahali fulani. Ukiwa na megabiti 8, huduma italazimika kushusha ubora wa picha, na hakuna mpangilio wa foleni utakaokuokoa. Lakini ukishavuka zile 25 na kuacha nafasi ya wenzako ndani ya nyumba, kila megabiti ya ziada haikuletei kitu kwenye gemu. Nitajibiwa pia kwamba hizi ni shida za watoto wa kishua wenye muda wa kuchezea. Foleni ile ile ndiyo inayokata sauti ya mtu kwenye usaili wa kazi kwa video, ndiyo inayomfanya mwalimu na mwanafunzi wazungumze kwa kupishana. Gemu ni kipimo kikali tu kuliko vingine, kwa sababu kidole kinajua kilipobonyeza.

Najua pia kwamba wengi wanaonisoma wako Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Zanzibar, na ningekuwa mnafiki kama ningewaambia waya na CAKE vitawamalizia kila kitu. Kwenu kuna kitu kinatangulia, nacho ni umbali. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda na kurudi, kila kilomita 100 inakula milisekunde 1, na hakuna mhandisi wala waziri anayeweza kuipunguza. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 63 kama faiba ingepaa kama ndege. Haipai. Inashuka hadi pwani, inapita chini ya Bahari ya Shamu, inavuka Misri, inaingia Mediterania, na safari nzima inavuka milisekunde 100 kwa mbali. Sharti la 80 limevunjwa kabla hujaiwasha ruta. Kwa gemu ya kupeana zamu, kama karata au sataranji, haidhuru. Kwa mpira, ngumi au risasi, imekwisha. Anayekuambia kwamba kifurushi kipana zaidi kitakupa gemu laini kutoka seva ya Ulaya anakuuzia upana wa barabara ili kufupisha urefu wake.

Kinachofupisha barabara ni kuisogeza seva. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg ni kilomita 2,900 hivi. Sheria ya mwanga inadai milisekunde 29 tu, na hata ukiongeza mizunguko ya nyaya, bado kuna nafasi. Microsoft walifungua vituo vyao vya data Afrika Kusini mwaka 2019. Seva zikiwa Nairobi yenyewe, umbali unatoweka kwenye hesabu, na kinachobaki ni foleni ya nyumbani kwako. Kuna la pili kwa wanaotumia bando la simu: megabiti 25 kwa sekunde ni gigabaiti 11 kwa saa. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya bando lako kabla hujamkasirikia mtu kuhusu milisekunde.

Kwa hiyo madai yangu ni machache. Kwanza, kila anayeuza intaneti ya nyumbani aandike namba tatu badala ya moja: upana, muda wa kwenda na kurudi nyumba ikiwa imetulia, na muda huo huo nyumba ikiwa kazini. Si siri ya kiufundi. Apple waliweka kipimo cha namna hiyo ndani ya kompyuta zao mwaka 2021; ukiandika `networkQuality` kwenye dirisha la amri, unaonyeshwa jinsi njia inavyojibu ikiwa imejaa. Kama kompyuta ya mezani inaweza kupima, kampuni yenye wahandisi mia inaweza pia. Pili, wanaogawa modemu na ruta waiwashe dawa ya foleni kabla hazijatoka ghalani. Mteja asilazimike kuwa na kaka mwenye kazi ya mitandao. Tatu, anayeuza gemu ya wingu amwambie mteja wazi, kabla hajalipa, seva iliyo karibu naye iko mji gani.

Mpaka wafanye hivyo, usibishane nao kwa namba yao. Pima mwenyewe mara tatu: hadi ruta, hadi nje nyumba ikiwa kimya, hadi nje nyumba ikiwa kazini. Ya kwanza ikiyumba, tafuta waya. Ya pili ikiwa kubwa, seva iko mbali au mtoa huduma anazungusha njia, wala hakuna kifurushi kitakachoisogeza. Ya tatu ikipanda wakati ya pili ni nzuri, una foleni, na foleni ina dawa ya bure. Ukipigiwa simu ukaambiwa ununue ya elfu moja, wasomee hizo tatu kwanza, kisha waulize ipi kati yake itashuka.